Juu ya Atlantiki, Ambako Rada Haifiki

Rada ya nchi kavu huona umbali wa kilomita 400 hivi, kisha mviringo wa dunia huikinga. Kutoka Ireland hadi Newfoundland, upande wa mashariki wa Kanada, ni bahari tupu ya kilomita zipatazo 3,000. Abiria anayetoka Dar es Salaam kwenda Toronto na kubadilisha ndege Amsterdam huivuka bahari hii akiwa amelala au anatazama filamu. Kwa miongo mingi, mwongoza ndege aliyekabidhiwa safari hiyo hakuwa akiiona ndege hata kidogo. Alichokuwa nacho ni maelezo tu: ndege ilikuwa wapi, iko kimo gani, na itafika wapi saa ngapi.

Anga hii inasimamiwa hasa na vituo viwili. Upande wa mashariki ni Shanwick, ambayo waongoza ndege wake wanakaa Prestwick, Scotland, na wahudumu wake wa redio wanakaa Ballygirreen, Ireland. Upande wa magharibi ni Gander, Newfoundland. Ndege hukabidhiwa kutoka kituo kimoja hadi kingine kwenye longitudo ya digrii 30 Magharibi, katikati ya maji.

Karibu kila safari hapa hufuata ratiba ya abiria: mchana ndege humiminika kwenda Amerika, usiku hurudi Ulaya. Kila rubani angependa kuukwepa upepo mkali wa juu unaovuma kutoka magharibi anapokwenda, na kuupanda anaporudi, na upepo huo huhama kila siku. Kwa hiyo njia nazo huchorwa upya kila siku. Shanwick hupanga zile za mchana, zinazotumika kwenye digrii 30 kuanzia saa 5:30 asubuhi hadi saa 1:00 usiku kwa saa za Grinichi, na kuzipa herufi kuanzia A upande wa kaskazini. Gander hupanga za usiku, kuanzia saa 7:00 usiku hadi saa 2:00 asubuhi, na ile ya kusini kabisa huitwa Z.

Njia moja ni mfululizo wa nukta tu: latitudo fulani kwenye longitudo ya 20, kisha ya 30, ya 40 na ya 50. Zamani njia mbili jirani zilitenganishwa kwa digrii moja ya latitudo, yaani kilomita 111, na ndege mbili zinazofuatana katika kimo kimoja ziliachana kwa dakika 10 hivi. Nafasi hiyo ilikuwa kubwa kwa sababu mwongozaji alisubiri sana kupata habari. Kwenye latitudo ya digrii 55, kutoka nukta moja hadi nyingine ni kilomita 640, mwendo wa dakika 45 hivi. Rubani alipofika kwenye nukta alitaja mahali alipo, saa, kimo, nukta inayofuata na saa atakayoifikia, halafu nukta itakayokuja baada ya hiyo. Hadi ripoti nyingine, mwongozaji alibaki na hesabu.

Ripoti hiyo ilisafiri kwa redio ya masafa marefu, ambayo mawimbi yake hugonga tabaka za juu za anga na kurudi chini. Jua likichafuka, sauti hukwaruza au hupotea. Tena rubani hakuongea na mwongozaji mwenyewe. Aliongea na mhudumu wa redio, aliyeandika maneno yake na kuyapeleka Prestwick.

Siku hizi kazi hiyo hufanywa zaidi na kompyuta kupitia setilaiti. Kabla ya kuingia baharini rubani huandika EGGX, alama ya Shanwick, na ndege hujiunga na kituo. Kuanzia hapo ndege hutuma yenyewe mahali ilipo, kwa kawaida ndani ya kila robo saa, na pia inapopita nukta au kutoka njiani. Agizo la kupanda kimo huja kama maandishi kwenye skrini, na rubani hujibu kwa kubonyeza WILCO, yaani nitatekeleza, au UNABLE, siwezi. Tangu 2021 mawasiliano haya ni ya lazima katika sehemu kubwa ya anga hii, kati ya futi 29,000 na 41,000.

Faida yake huonekana wazi pale kosa dogo linapofanyika. Tuseme ndege imeruhusiwa kupita latitudo ya digrii 52 na nusu kwenye longitudo ya 50. Katika mfumo wa kufupisha nukta, 5250N maana yake ni digrii 52 kamili, na N5250 ni digrii 52 na nusu. Herufi N ikikaa mwisho badala ya mwanzo, kompyuta itaipeleka ndege kilomita 55 kusini, kwa utulivu kabisa, bila taa yoyote ya tahadhari kuwaka. Na tangu 2015 baadhi ya njia zimetenganishwa kwa nusu digrii tu, kwa hiyo hapo kusini panaweza kuwa njia ya ndege nyingine. Kinachozidisha hatari ni kwamba skrini nyingi za rubani zina nafasi ya herufi chache, hivyo nukta zote mbili huonekana N52W050.

Ndiyo maana rubani mmoja hufungua nukta nzima na kuisoma kwa sauti huku mwenzake akiilinganisha na mpango wa safari. Kisha hulinganisha mwelekeo na umbali kutoka nukta hadi nukta, na dakika 10 hivi baada ya kuipita kila nukta huhakikisha tena kwamba ndege iko mahali pake. Wakijisahau wote wawili, kuna ukaguzi wa tatu: kituo hutuma ujumbe wa kutaka njia iliyomo ndani ya kompyuta ya ndege, na mtambo huilinganisha na ile iliyoruhusiwa. Tofauti hugunduliwa ndege ikiwa bado haijageuka.

Pale uzi huu unapokatika, muda hupotea. Usiku wa tarehe 1 Juni 2009, ndege ya Air France namba 447 iliyokuwa ikitoka Rio de Janeiro kwenda Paris ikiwa na watu 228 ilikuwa inaelekea anga ya Dakar. Mara tatu ilijaribu kujiunga na kituo cha Dakar, na mara tatu ilikataliwa, kwa kuwa mpango wake wa safari haukuwemo katika mtambo wa huko. Mawasiliano ya mwisho na waongozaji wa Brazil yalikuwa saa 7:35 usiku kwa saa za Grinichi. Saa 8:14 ndege ilianguka. Chanzo kilikuwa vipima mwendo vilivyoziba kwa barafu na jinsi ndege ilivyoendeshwa baada ya hapo, si kukosekana kwa mawasiliano. Lakini saa nyingi zilipita kabla ya msako kuanza, na mabaki yaliyozama yalipatikana Aprili 2011.

Tangu 2019, Shanwick na Gander hupokea mahali ilipo kila ndege kila baada ya sekunde chache, kwa vipokezi vilivyofungwa kwenye setilaiti za Iridium. Ndege zinazofuatana sasa zinaweza kukaribiana hadi maili 14 za baharini, yaani kilomita 26, na Machi 2022 njia zilizopangwa ziliondolewa katika vimo vya futi 33,000 kushuka chini. Hata hivyo setilaiti huonyesha ndege ilipo, haionyeshi kompyuta yake itaigeuzia wapi dakika 20 zijazo. Hilo bado hujulikana kwa njia iliyohakikiwa na kituo, na kwa marubani wawili wanaosomeana nukta kwa sauti kabla ya kuiacha nchi kavu.