Mtoto Yuko Wapi?

Mama aliyejifungua wiki tatu zilizopita anakurupuka saa tisa usiku na kuanza kupapasa shuka. Ana hakika mtoto amepotelea kwenye blanketi na anakosa hewa. Anavuta mito, anamsukuma mumewe ainuke. Mume anamwambia mtoto amelala kitandani kwake, lakini inachukua muda kabla maneno hayo hayajamwingia.

Wazazi wengi wapya wanaijua ndoto hii, ila hawaisemi. Wengine huichukulia kuwa ishara mbaya, wengine huona aibu, kana kwamba imefichua kuwa hawafai kulea. Mwaka 2007 watafiti Tore Nielsen na Tyna Paquette wa Montreal, Kanada, walichapisha uchunguzi wa wanawake 273. Kati ya waliojifungua, asilimia 73 walieleza ndoto ambamo mtoto yuko hatarini. Kwa wajawazito ilikuwa asilimia 42. Wengi waliojifungua pia waliweweseka: waliongea, walilia au walimtafuta mtoto kitandani wakiwa bado usingizini.

Sababu moja ni usingizi wenyewe. Ndoto nzito huja zaidi katika hatua ambayo macho huchezacheza chini ya kope huku misuli ya mwili ikiwa imelegea. Mtu aliyekoseshwa usingizi huo siku kadhaa, akipata nafasi ya kulala huuingia mapema na kwa nguvu zaidi. Kisha mtoto analia, naye anaamshwa katikati ya ndoto. Ndiyo maana anaikumbuka yote. Kuhusu kinachootwa, mzazi amekuwa akisikiliza pumzi za mtoto mchana kutwa, na akilala bado anasikiliza. Baba anayekesha naye huota vivyo hivyo.

Kwa hiyo dawa ya kwanza ni kulala. Mzazi mmoja, au bibi, ashike zamu ili mwingine apate saa nne mfululizo. Mtoto alazwe mahali palepale kila usiku, na taa hafifu iachwe ili mzazi akifumbua macho amwone. Mwenzake akiweweseka, asimkaripie wala kumtikisa; amwambie polepole, "Mtoto yuko hapa, amelala," na asimkabidhi mtoto mpaka awe macho kabisa.

Ndoto ya kawaida hukoma mzazi akishamwona mtoto, akarudi kulala. Akishindwa kulala hata mtoto anapolala, akaenda kumwangalia tena na tena, au huzuni ikizidi wiki mbili, aelezee jambo hilo kliniki anakompeleka mtoto. Lakini akisikia sauti, au akiwa macho akaamini kuwa ameagizwa kumdhuru mtoto au nafsi yake, asiachwe peke yake na mtoto hata kidogo. Apelekwe hospitali saa hiyohiyo.