Barua ya mfamasia mpya na chati ya mtoto wa kilo 12

Mpwa wangu alimaliza utarajali mwaka jana. Miaka 4 ya shahada ya famasia, mwaka 1 wa kuzungushwa kwenye idara za hospitali, halafu akaanza kutafuta kazi. Jioni moja akaniletea karatasi mbili zilizochapwa vizuri. "Mjomba, nisomee hii kabla sijaituma."

Ilianza hivi: "Tafadhali husika na kichwa cha habari tajwa hapo juu." Kisha zikafuata sifa zake: mchapakazi, mwaminifu, anayeweza kufanya kazi na watu wengine na chini ya usimamizi mdogo. Nimefanya kazi ya famasia ya hospitali kwa miaka mingi, na barua za watarajali nimezisoma hadi nikazichoka. Nilimwambia kwamba hiyo yake akiifuta neno "mfamasia" na kuweka "dereva", itafaa vilevile.

Ni kweli kwamba kuna mahali ambapo barua haina kazi kubwa. Anayeomba serikalini kupitia Sekretarieti ya Ajira anatakiwa kuambatisha barua iliyosainiwa, lakini mchujo wa kwanza unaangalia vyeti na usajili. Akisahau kusaini, hata barua nzuri haitamsaidia. Kwenye hospitali ya misheni au ya binafsi mambo ni tofauti. Huko barua humfikia mfamasia mkuu mwenyewe, mtu mwenye zamu zisizotosha, anayetafuta jibu la swali moja: huyu nikimwacha peke yake usiku, itakuwaje?

Swali hilo halifanani na la duka la dawa. Dukani mgonjwa anasimama mbele yako, unamwuliza. Hospitalini mara nyingi humwoni. Unaona chati yake, kisha dawa inapanda wodini mikononi mwa muuguzi. Basi nikamwuliza mpwa wangu: mwaka mzima ule, ni siku gani chati ilikufanya usimame?

Akafikiri, kisha akanisimulia ya wodi ya watoto. Mtoto wa kilo 12 alikuwa ameandikiwa sindano ya jentamaisini, miligramu 90, kila baada ya saa 8. Dozi ya kwanza ilikuwa imeshatolewa asubuhi.

Hesabu yake ni rahisi. Kwa mtoto wa umri ule, dozi inayotumika sana ni miligramu 7.5 kwa kila kilo, mara 1 kwa siku. Zidisha kwa 12, unapata 90. Kwa hiyo namba iliyoandikwa ilikuwa sahihi, na hapo ndipo mtego ulipokuwa, maana anayekagua haraka ataiona 90, ataitambua, atapita. Kosa lilikuwa kwenye saa. Zamani dozi hiyohiyo ya siku iligawanywa mara tatu, yaani miligramu 30 kila baada ya saa 8. Aliyeandika alichukua kiasi cha utaratibu mpya akakiunganisha na saa za utaratibu wa zamani. Mtoto angepata miligramu 270 kwa siku, mara tatu ya anachostahili, na jentamaisini ikizidi huumiza figo na masikio. Masikio yakishaharibika mara nyingi hayarudi.

"Sasa ulifanya nini?"

"Nilimwambia msimamizi wangu, tukampigia daktari. Akaja akabadilisha kabla ya dozi ya pili."

Nikamwambia hiyo ndiyo barua, nenda kaiandike. Alirudi kesho yake na sentensi hii: "Niligundua kosa kubwa la daktari na kuokoa maisha ya mtoto." Hapo nikachukua kalamu nyekundu.

Kwanza, hakuna ajuaye kama maisha yaliokolewa. Mfamasia mkuu anajua kwamba dozi moja ya ziada si lazima iue, na akiona mwombaji anakuza mambo kwenye karatasi atajiuliza anakuzaje mambo kwenye leja. Pili, mtarajali hafanyi kazi peke yake, na habadilishi chati kwa mkono wake. Kumfuta msimamizi kwenye hadithi ni kukiri kwamba hujui mipaka yako. Tatu, daktari. Mfamasia wa hospitali atampigia daktari simu kila siku ya kazi yake, na anayejisifu kwa kumkosoa daktari ataleta ugomvi kabla hajaleta faida. Tukaondoa pia tarehe na ugonjwa wa mtoto, kwa sababu wasifu wake unataja hospitali aliyofanyia utarajali. Ukiweka pamoja hospitali, wodi, tarehe na ugonjwa, mgonjwa anajulikana hata bila jina.

Aya ikabaki hivi:

"Nikiwa mtarajali katika wodi ya watoto, nilikagua chati ya mtoto wa kilo 12 aliyeandikiwa jentamaisini miligramu 90 kila baada ya saa 8. Kiasi hicho ni cha siku nzima. Nilimweleza mfamasia msimamizi wangu, tukawasiliana na daktari, naye akabadilisha iwe mara 1 kwa siku kabla ya dozi ya pili kutolewa. Tangu hapo, nikikagua dozi ya mtoto, naandika pembeni uzito, kiasi kwa kilo na jumla ya siku."

Sentensi ya mwisho aliiongeza mwenyewe, na kwangu ndiyo iliyozidi zote. Inaonyesha tukio lilivyogeuka kuwa tabia.

Nilimtaka aongeze jambo moja la bohari, maana nusu ya kazi hii ni dawa kuwepo. Akakumbuka siku ya kuhesabu mwisho wa mwezi: kadi ilisema chupa 46 za seftriaksoni, rafuni zilikuwa 38. Wengi wangerekebisha kadi yaishe. Yeye alipekua fomu za maombi za wodi akazikuta zile 8, zilichukuliwa usiku kwenda wodi ya upasuaji na hazikuingizwa kwenye kadi. Zisipoingizwa, matumizi ya mwezi yanaonekana madogo kuliko yalivyo, oda inayokwenda Bohari ya Dawa inatengenezwa kwa matumizi hayo, na miezi miwili baadaye rafu ni tupu na kila mtu anailaumu Bohari. Aliyaeleza hayo kwa mistari mitatu.

Yaliyobaki yalikuwa mafupi. Mstari mmoja wa usajili wake Baraza la Famasia. Kama usajili wako bado unashughulikiwa, sema hivyo wazi, kwa sababu utaulizwa. Majina yafanane kwenye vyeti vyote. Kurasa mbili zikawa moja. "Husika na kichwa cha habari" tuliifuta, ingawa alisita: "Si ndivyo tulivyofundishwa, Mjomba?" Ndivyo, lakini kichwa cha habari anakiona.

Aliitwa kwenye usaili baada ya wiki tatu. Hawakumwuliza udhaifu wake wala anajiona wapi baada ya miaka mitano. Mfamasia mkuu alikuwa na barua mezani, amepigia mstari neno "akabadilisha". Akamwuliza: na kama daktari angekataa?

Mpwa wangu akajibu kwamba angemwomba muuguzi asitoe dozi ya pili kwanza, angerudi kwa msimamizi wake na Mwongozo wa Matibabu mkononi, na wawili hao wangempigia daktari bingwa wa zamu. Kisha angeandika kwenye chati saa aliyopiga na alichojibiwa.

"Hata kama ni saa nane usiku?"

"Dozi ya jentamaisini ya saa nane usiku ndiyo isiyokaguliwa na mtu," akasema.

Ameanza kazi mwezi huu.