Watu 1,541, posho 4,469

Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu mkoani Kigoma, ilifunguliwa mwaka 1996 kuwapokea Wakongo waliokimbia vita, na kuanzia 2015 ikapokea Warundi kwa maelfu. Katika kambi kama hiyo siku ya mgao wa chakula huanza asubuhi na mapema. Watu hupanga foleni, kadi hukaguliwa, unga hupimwa, dole gumba huchovywa wino. Jioni, kila mtu akishabeba mzigo wake, mezani kwa karani hubaki karatasi. Robo ya mwaka ikiisha, karatasi hizo zote hutakiwa ziwe sentensi moja kwenye ripoti ya mfadhili: watu wangapi walipata chakula, na kilo ngapi zilitolewa.

Sentensi hiyo huonekana rahisi mpaka ukae uitafute. Hapa nitaifuata hatua kwa hatua kwa mfano wa kituo kimoja cha mgao na chakula kimoja, unga wa mahindi, kuanzia Januari hadi Machi. Namba za kituo hiki nimeziunda mwenyewe ili msomaji aweze kuzifuata kwa kalamu, lakini makosa yaliyomo ni yale yale yanayojirudia kazini.

Karatasi ziko za aina tatu. Ya kwanza ni orodha ya mgao: kila mstari ni kaya moja, wenye namba ya kadi, idadi ya watu wa kaya hiyo, kilo walizopewa na alama ya dole gumba ya aliyechukua. Ya pili ni karatasi ya majumuisho, ambayo msimamizi wa kituo huijaza jioni: leo kaya kadhaa, watu kadhaa, kilo kadhaa. Ya tatu ni leja ya ghala pamoja na hati za mizigo, zinazoonyesha magunia yaliyoingia, yaliyotoka na yaliyobaki. Orodha na leja huandikwa na watu tofauti, tena mahali tofauti. Ndiyo maana zina nguvu: zikikubaliana, ni vigumu zote mbili ziwe zimekosea kwa namna ileile.

Mwandishi wa ripoti aliye na haraka hushika karatasi ya pili peke yake, kwa sababu hesabu yake imekwisha kujumlishwa. Kituo chetu kiliandika watu 1,488 Januari, 1,502 Februari na 1,461 Machi. Akijumlisha anapata 4,451, na rasimu inaandikwa kuwa watu 4,451 wamefikiwa. Sentensi hiyo ina makosa mawili, na kila moja lina njia yake ya kugunduliwa.

Tuanze na ghala, maana ghala ndilo hutoa ishara mapema. Posho ya unga katika mfano wetu ni gramu 400 kwa mtu kwa siku, yaani kilo 12 kwa mwezi wa siku 30. Kwa hiyo kila mwezi unaweza kuliuliza ghala swali moja: je, unga uliopungua unalingana na idadi ya watu mara 12? Uliopungua hupatikana kwa kuchukua salio la mwanzo wa mwezi, kuongeza ulioingia, kutoa uliofutwa kwa kuharibika, kisha kutoa ule uliohesabiwa kwa macho mwisho wa mwezi. Nasema kwa macho kwa makusudi. Salio lililonakiliwa kutoka ukurasa uliopita wa leja haliwezi kukwambia kitu ambacho leja yenyewe haijui.

Januari unga uliopungua ulizidi hesabu ya posho kwa kilo 38. Machi ulizidi kwa kilo 39. Februari ulizidi kwa kilo 261.

Kilo 38 au 39 katika unga wa karibu tani 18 si jambo la kushtua. Unga hupimwa kwa kopo kwa kaya zaidi ya mia tatu, na mkono wa mpimaji hauwi sawa tangu asubuhi hadi mchana. Mwingine humwagika, mwingine hubaki kwenye mishono ya gunia. Tofauti ndogo inayofanana mwezi hadi mwezi ni dalili ya kopo. Kwa kilo 261 za mwezi mmoja tu, kopo halitoshi kuwa jibu. Hapo ndipo karani anapotakiwa kuyaacha majumuisho na kurudi kwenye orodha yenyewe, kurasa zote za Februari, ajumlishe upya safu ya idadi ya watu.

Akijumlisha anapata 1,520, si 1,502. Tofauti ni 18. Watunza vitabu vya hesabu wana mbinu ya zamani hapa: tofauti inayogawanyika kwa 9 bila baki humfanya mtu ashuku tarakimu zilizopishana. Msimamizi alijumlisha sawasawa, ila alipokuwa akinakili jioni, mbili na sifuri zikabadilishana nafasi. Watu 18 mara kilo 12 ni kilo 216. Ziondoe kwenye 261, zinabaki 45, na Februari inakaa pamoja na wenzake.

Tofauti yenyewe mara nyingi husema ilikotoka. Ikiwa ni kilo 50 kamili, au 100, tafuta gunia lililohesabiwa vibaya au lililotoweka. Ikiwa ni kilo 48, uliza kama kuna kaya ya watu wanne waliopewa bila kuandikwa. Si ushahidi, ni mahali pa kuanzia. Lakini kuanza mahali sahihi huokoa siku nzima ya kupekua makaratasi.

Sasa unga uko tayari. Posho za miezi mitatu ni 1,488 na 1,520 na 1,461, jumla 4,469. Mara kilo 12, kilo 53,628. Leja nayo inasimulia upande wake: yaliingia magunia 1,100 ya kilo 50, yaani kilo 55,000, na kuanza kwa robo ghala lilikuwa tupu. Mwisho wa Machi yalihesabiwa magunia 22, kilo 1,100. Magunia matatu yalilowa njiani, yakafutwa kwa hati ya hasara, kilo 150. Kwa hiyo kwenye mgao zilitoka kilo 53,750. Tofauti na orodha ni kilo 122, ambazo ndizo zile 38, 45 na 39 za kopo. Kwenye ripoti kilo zilizogawiwa huandikwa 53,628, kwa kuwa hizo ndizo zenye dole gumba pembeni yake. Kilo 122 huandikwa kando kama upungufu wa upimaji. Ubaya mkubwa ni kuziongeza kimyakimya kwenye namba ya walengwa ili hesabu ifunge, na nimeona watu wema wakishawishika kufanya hivyo usiku wa kuamkia siku ya mwisho.

Lipo bado kosa la pili, na kwa maoni yangu ndilo zito zaidi. Namba 4,469 ni sahihi, ila haihesabu watu. Mama aliyechukua unga Januari ndiye aliyerudi Februari na Machi. Kilo zake tunazijumlisha mara tatu kwa haki, kwa sababu kila mwezi ni unga mwingine, lakini yeye ni mtu mmoja. 4,469 ni idadi ya posho. Ndiyo unayoizidisha kwa 12 kupata unga, na hupaswi kuipeleka kwa mfadhili kama idadi ya watu.

Idadi ya watu hutafutwa kwa namba ya kadi. Panga orodha tatu pamoja kwa kadi, kisha hesabu kila kadi mara moja. Jina halifai kwa kazi hii: mtu yuleyule ataandikwa kwa tahajia mbili na makarani wawili, na watu wawili tofauti watakuwa na jina moja. Januari kulikuwa na kaya 310 zenye watu 1,488. Februari zikaja kaya mpya 9 zenye watu 41, na Machi kaya mpya 3 zenye watu 12. Kaya tofauti ni 322, watu 1,541. Hiyo ndiyo namba ya waliofikiwa, na iko mbali sana na ile 4,451 ya rasimu. Panapozaliwa mtoto katikati ya robo idadi ya kaya hubadilika bila kadi kubadilika, hivyo orodha ya usajili lazima iwe mezani pia. Katika mfano wetu nimeliacha hilo pembeni.

Wafadhili wengi hutaka pia wanawake wangapi, wanaume wangapi, watoto wangapi. Hapa huingia kosa ambalo halionekani kwenye jumla yoyote. Machi, kati ya kaya 305 zilizochukua, 231 ziliwakilishwa na mwanamke. Mtu akisoma safu ya dole gumba ataandika kwamba wanawake ni asilimia 76 ya walengwa. Lakini yule aliyesimama kwenye foleni amebebea kaya nzima: mume, bibi, watoto watano. Jinsia na umri hutoka kwenye usajili wa kila mwanakaya, kamwe si kwa aliyeweka dole. Na usajili huo unabaki kambini. Mfadhili hupewa majumla, bila majina wala alama za vidole.

Tuseme pia mfadhili amepunguza fedha na posho imekatwa nusu. Watu waliofikiwa hawapungui hata mmoja, unga unapungua kwa nusu. Ripoti yenye idadi ya watu peke yake itaonekana njema kuliko sahani zilivyo. Ndiyo sababu karani mzuri huweka namba tatu pamoja: watu, kilo, na gramu ambazo kila mtu alipata kwa siku.

Orodha zikishapangwa kwa kadi huonyesha kitu kingine ambacho majumuisho hayawezi kukionyesha: nani hakuja. Machi walihudumiwa watu 1,461 kati ya 1,541, yaani kaya 17 zenye watu 80 hazikuonekana. Karani alizilinganisha na orodha ya waliojiandikisha kurejea Burundi kwa hiari. Kaya 11, watu 55, majina yao yalikuwamo; walikuwa wameshavuka mpaka. Zilibaki kaya sita, watu 25, ambazo hazikuondoka wala hazikuchukua unga. Namba zao za kadi ziliandikwa kwenye karatasi, akapewa kiongozi wa mtaa ili aende nyumba kwa nyumba kabla ya mgao wa Aprili, aulize kama ni ugonjwa, kadi iliyopotea, au mtu aliyekuwa akibeba mzigo kwa niaba yao na hayupo tena.