Mbingu Nyeupe na Brashi Laini: Jinsi ya Kuchora Mawingu Yanayoaminika

Ngalawa imevutwa mchangani Nungwi, kaskazini mwa Unguja, saa kumi alasiri. Mpiga picha amesimama akitazama kaskazini, jua liko kushoto kwake, na kivuli cha chombo kimelala kuelekea kulia. Mnazi umeinama pembeni. Kila kitu kimetoka vizuri isipokuwa mbingu: ni nyeupe tupu kama karatasi, kuanzia ukingo wa juu wa picha hadi baharini.

Kisa chake ni cha kawaida. Kamera ilipimwa kwa ubavu wa ngalawa uliokuwa kivulini, ikaruhusu mwanga mwingi, na mbingu iliyokuwa na mwanga mara nyingi zaidi ikapita uwezo wa kihisi cha kamera. Kujua kama kuna kilichobaki ni rahisi. Chukua kifaa cha kudonoa rangi kilichomo katika programu yoyote ya kuhariri picha, ukibonyeze mbingu sehemu nne au tano. Ikiwa kila mahali kinasoma 255, 255, 255, yaani nyekundu, kijani na buluu zote zimefika mwisho, hakuna wingu lililojificha humo. Kupunguza mwanga kutageuza weupe kuwa kijivu tu. Hapo mtu ana njia mbili: kubandika mbingu ya picha nyingine, au kuichora.

Tatizo hili lina umri unaokaribia wa upigaji picha wenyewe. Bamba za kioo za karne ya 19 ziliathiriwa mno na mwanga wa buluu, hivyo mbingu ilitoka nyeupe pale nchi au bahari ilipotoka sawa. Mfaransa Gustave Le Gray, katika picha zake za bahari za miaka ya 1850, alitumia negativu mbili, moja ya maji na moja ya mawingu, akazichapa kwenye karatasi moja.

Anayechora ana faida moja juu ya anayebandika: mwanga anaupanga mwenyewe ulingane na ule uliomo pichani. Anayebandika mara nyingi hukuta mawingu yaliyopigwa jua kutoka kulia juu ya ngalawa iliyopigwa jua kutoka kushoto, na jicho la mtazamaji hulikataa hilo hata asipojua sababu.

Kazi huanza na rangi ya mbingu kabla ya wingu lolote. Katika GIMP, programu isiyolipiwa, hufunguliwa kundi la tabaka juu ya picha, na hali ya kundi hilo hubadilishwa kuwa `Multiply`. Hali hiyo huzidisha rangi ya juu na ya chini: palipo peupe hukaa rangi mpya kamili, na palipo peusi hubaki peusi. Ndiyo maana majani ya mnazi hayahitaji kukatwa moja moja. Mbingu hupita nyuma yake yenyewe, hata kwenye ncha nyembamba ambazo mkasi wa kompyuta ungeziharibu. Vitu vyenye rangi ya mwanga, kama mchanga na ubavu wa ngalawa uliopakwa rangi nyeupe, havina kinga hiyo. Hivyo lazima vichaguliwe na kufunikwa, la sivyo vitageuka buluu.

Ndani ya kundi, tabaka la kwanza ni mteremko wa rangi: buluu ya wastani juu, ikififia hadi karibu nyeupe kwenye upeo wa bahari, kwa sababu huko mwanga hupita katika hewa nyingi zaidi, na pwani hewa hiyo imejaa unyevu. Kwa picha hii `#6F9CC8` juu na `#DCE7EC` chini zinatosha. Buluu iliyokolea zaidi haiendani na mchanga uliong'aa kiasi kile.

Sasa mawingu. Wengi hushika brashi laini kubwa, wakachagua nyeupe, wakaanza kugusagusa hapa na pale. Matokeo ni moshi. Brashi si mbaya; kilichokosekana ni umbo la wingu, na umbo la wingu la alasiri ya pwani huanzia kitakoni. Hewa yenye unyevu hupanda, hupoa, na ikifika kimo fulani mvuke wake hugeuka matone. Kwa kuwa kimo hicho ni karibu kimoja kwa eneo zima, vitako vya mawingu hayo huwa bapa na hukaa usawa mmoja, huku vichwa vikifura kila kimoja kwa namna yake.

Kwa hiyo mchoraji huweka vitako kwanza, kwenye tabaka jipya la hali ya kawaida ndani ya kundi lile lile. Wingu la karibu, juu ya picha, hupewa nafasi kubwa, pengine theluthi ya upana wa picha. Kadiri macho yanavyoshuka kuelekea baharini, mawingu huwa madogo, membamba na yanayosogeleana, mpaka yale ya mwisho yanakuwa michirizi tu. Umbali huu ndio unaoipa mbingu kina. Mawingu yaliyo sawa kwa ukubwa na nafasi hugeuka kitambaa chenye maua.

Wingu zima hupakwa kwanza kwa rangi ya kivuli chake, kijivu chenye buluu kama `#AEB9C6`, kwa brashi laini kabisa, na kipimo cha `Opacity` kikiwa kati ya 10 na 15, ili rangi ikolee kwa kupita mara kwa mara. Kisha brashi hupunguzwa, rangi hubadilishwa kuwa `#F6F3EC`, na vichwa hujengwa upande wa kushoto wa juu, upande wa jua, kwa miguso mifupi inayopandana, mikubwa na midogo ikichanganywa. Nyeupe kamili hubakizwa kwa sehemu chache sana zilizoelekea jua moja kwa moja.

Hapa ndipo ulaini unapohitaji mpaka. Ukingo uliopigwa jua huwa mkali kiasi, na brashi ya GIMP iitwayo `2. Hardness 050` huufaa. Kitako na upande wa kivuli huyeyuka, navyo huachiwa brashi laini. Kingo zote zikilainika sawasawa, wingu hupoteza uzito. Kingo zote zikiwa kali, huonekana limekatwa na kubandikwa. Brashi hiyo hiyo ikigeuzwa kifutio hutoboa mianya na kuchana pembe, na mara nyingi ufutaji ndio unaomaliza umbo.

Bado mbingu itaonekana safi mno, maana picha ina chembechembe za kamera na mchoro hauna. Kichujio cha `RGB Noise` kwa kiwango kidogo, kikilinganishwa na ubavu wa ngalawa kwa ukuzaji wa asilimia 100, huziba pengo hilo. Pia huondoa mistari inayoweza kuonekana kwenye mteremko wa buluu. Mchanga uliolowa nao huakisi mbingu, kwa hiyo hupewa buluu hafifu.

Jaribio la mwisho ni kuigeuza picha kushoto kulia na kuipunguza iwe ndogo kama ya simu. Miguso inayojirudia, duara la brashi lililosahaulika na wingu lililoangazwa upande usio wake hujitokeza mara moja.

Picha ya namna hii inafaa kalenda, tangazo au ukuta wa nyumbani. Haifai habari: mashindano ya World Press Photo hayaruhusu kuongeza wala kuondoa kitu pichani. Ukiipeleka kwa mhariri wa gazeti, mwambie kuwa mawingu umeyachora.