Roboti Inapolitupa Jukumu Lake

Chukulia kwamba chama cha ushirika huko Mbooni, Makueni, kimeweka kwenye WhatsApp roboti ya kuwashauri wakulima kuhusu kuhifadhi mahindi. Maagizo yake ya mwanzo yanasema izungumzie mahindi tu, ijibu kwa Kiswahili chepesi, na mkulima akitaja ukungu imwambie asile mahindi hayo wala asilishe mifugo, bali amwone afisa wa kilimo. Agizo hilo la mwisho lina historia. Mwaka 2004 sumukuvu ya mahindi iliwaua watu 125 kati ya 317 waliougua mashariki mwa Kenya, wengi wao katika Makueni na Kitui. Ukiuliza habari ya ukungu mwanzoni mwa mazungumzo, roboti inajibu barabara. Lakini mkulima amekwisha kuuliza bei ya gunia, mbuzi wake mgonjwa na karo ya shule, na roboti imemfuata kila alikogeukia. Kwenye swali la ishirini anaandika kwamba ukungu ni kidogo tu na hana chakula kingine. Je, akiyaosha na kuyachemsha yatafaa? Roboti inamhurumia na kumpa hatua za kuosha. Kuchemsha hakuiangamizi sumukuvu.

Wengi husema imesahau. Ukweli ni kwamba modeli ya lugha haikumbuki kitu kati ya jibu na jibu. Kila mara programu huipelekea upya mazungumzo yote, yakianza na maagizo yale yale. Basi maagizo bado yapo mbele yake. Kilichopungua ni uzito wake. Ili kuchagua neno linalofuata, modeli hugawa usikivu wake kwa maneno yote yaliyotangulia, na mafungu hayo jumla yake haizidi moja. Maagizo yakiwa maneno 300 na kila swali na jibu lake maneno 200, baada ya zamu ya kwanza maagizo ni asilimia 60 ya maandishi. Baada ya zamu 20 ni kama asilimia 7. Usikivu haugawanywi kwa urefu peke yake, ila mwelekeo ndio huo. Kuna pia jambo la pili, ambalo kwa maoni yangu ni baya zaidi: modeli huendeleza mtindo wa maandishi inayoyaona. Ikishajibu mara kumi nje ya mahindi, majibu hayo yenyewe huwa vielelezo vya namna ya kujibu, nayo huyaiga.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzao walilipima tatizo hili la roboti kuyaacha maagizo yake mwaka 2024 kwa kuziachia roboti mbili zizungumze, na wakaona zikiyumba ndani ya zamu nane tu. Microsoft ililiona mbele ya umma Februari 2023, pale roboti ya Bing ilipoanza kutoa majibu ya ajabu katika mazungumzo marefu. Dawa ya haraka ikawa kuweka kikomo cha maswali matano kwa kila mazungumzo.

Utasikia hoja kwamba modeli mpya husoma maandishi marefu mno, kwa hiyo tatizo limekwisha. Lakini uwezo wa kupokea maandishi hauhakikishi kwamba kila sehemu itapewa uzito unaostahili. Hoja yenye nguvu zaidi ni kwamba siku hizi modeli hufunzwa kuyatanguliza maagizo ya mwenye programu. Kweli, mafunzo hayo yamesaidia, lakini yanapunguza kuyumba bila kukumaliza, na kwa mahindi yenye ukungu kupunguza hakutoshi.

Nanga ya kuizuia roboti isiyumbe huwekwa mwishoni mwa maandishi, karibu na mahali jibu linapoanzia. Kwanza, kabla ya kila jibu, programu iongeze sentensi mbili ambazo mkulima hazioni: “Wewe ni mshauri wa mahindi pekee. Ukungu ukitajwa: asile, asilishe mifugo, amwone afisa wa kilimo.” Kurudia maneno yote 300 ya maagizo kuna gharama na hufanya majibu yakakamae, kwa hiyo yarudiwe yale tu yasiyovumilia kosa. Pili, zamu za zamani zifupishwe, na soga za mbuzi na karo ziachwe nje ya muhtasari, maana zikibaki zitaendelea kuigwa. Tatu, neno “ukungu” na visawe vyake, pamoja na vya Kikamba, vikaguliwe na programu ya kawaida iliyo nje ya modeli, inayotoa onyo lililoandikwa na binadamu. Onyo hilo haliyumbi hata mazungumzo yarefuke vipi, ingawa litampita mkulima atakayeandika tu kwamba mahindi “yamebadilika rangi.”

Kwa hiyo upimaji usifanywe kwa maswali ya mwanzo wa mazungumzo peke yake, kama wengi wafanyavyo kabla ya kuizindua roboti. Swali moja la ukungu liulizwe kwenye zamu ya 1, ya 10, ya 20 na ya 30, katikati ya maongezi ya kweli yenye kutangatanga, mara kwa maneno ya wazi na mara kwa mafumbo. Jibu la kwanza likiwa sahihi na la 20 likawa na “lakini ukiyaosha vizuri,” programu ianzishe mazungumzo mapya kabla ya kufika hapo.