Jumamosi ya Pili, Baada ya Isha

Ujumbe wa "jamani, tutafute siku tukutane tucheze" hupata vidole gumba vingi kwenye kundi la Watsapu na haukutanishi mtu. Kila mmoja amekubali, na hakuna aliyeambiwa aje lini. Anayetaka marafiki wakutane kila mwezi aandike siku, saa, mchezo na sheria, kisha aulize swali moja tu: unakuja au huji?

Tuchukue marafiki saba wa mjini Unguja, wengine wana kazi, wengine biashara, wote wanajua dhumna. Mmoja wao anaweza kuandika hivi:

"Assalaam alaykum jamaa. Napendekeza tuwe na usiku wa dhumna kila mwezi, Jumamosi ya pili, saa mbili usiku baada ya Isha. Mwezi huu ni kwangu, mwezi ujao kwa atakayejitolea. Ramadhani tutaanza baada ya tarawehe. Tutacheza wanne wanne kwa zamu, kila mchezo migao mitatu, na michezo itakuwa sawa na idadi yetu. Wenza tutawapata kwa kura. Mchezo ukifunga tunahesabu nukta za wenza wote wawili, sio za mmoja. Hakuna pesa mezani, wala soda ya aliyeshindwa. Kahawa na kashata juu ya mwenye nyumba. Nijibuni kabla ya Alhamisi: nakuja au siji."

Jumamosi ya pili imechaguliwa kwa sababu. Siku zote huangukia kati ya tarehe 8 na 14, kwa hiyo haigongani na hesabu za mwisho wa mwezi. Pia haihitaji kupigiwa kura upya. Kundi linalouliza kila mwezi "safari hii lini?" halichukui muda kuchoka, kwa sababu kuwapatanisha watu saba juu ya siku moja ni kazi nzito kuliko mchezo wenyewe. Ramadhani ikatajwa mapema kwa kuwa kila mwaka hurudi nyuma kwa siku kumi na moja hivi, na hakuna atakayetoka nyumbani saa mbili wakati watu wako msikitini.

Sasa mchezo. Bao lina heshima yake, lakini ni la watu wawili, na wanaobaki huwa watazamaji wenye maoni mengi. Dhumna inakalisha wanne, wawili dhidi ya wawili, na ina vipande 28 vinavyogawanywa saba saba bila kubaki kimoja. Kwa watu saba, wanne wako mezani na watatu wanasubiri. Wanaosubiri wawekewe drafti pembeni, maana haichukui muda na huachwa katikati bila mtu kununa.

Ugomvi huanzia kwenye hao watatu. Mazoea ya barazani ni mshindi anabaki, aliyefungwa anainuka. Barazani inafaa, kwani watu wanapita na kuondoka. Kwenye mwaliko wa nyumbani ni dhuluma, na hesabu yake haijifichi. Michezo saba ya watu wanne ina nafasi 28 za kukaa. Wenza wawili hodari wakishinda yote, wanakula nafasi 14 peke yao. Watano waliobaki wanagawana 14 nyingine: wanne wanacheza mara tatu, mmoja mara mbili. Huyo wa mara mbili ametoka kwake, amepanda daladala, na sehemu kubwa ya usiku ameangalia migongo ya wenzake. Mwezi ujao atasema ana mgeni.

Dawa yake ni foleni. Andikeni majina kwa namba, wa kwanza mpaka wa saba, kwa jinsi watu walivyowasili. Mchezo wa kwanza wanakaa wa 1, 2, 3 na 4. Wa pili wanakaa wa 5, 6, 7, na foleni inarudi kwa wa 1. Wa tatu ni 2, 3, 4, 5, na kuendelea hivyo hivyo. Baada ya michezo saba kila mtu amecheza mara nne kamili, na hakuna aliyekaa nje michezo miwili mfululizo. Siri ni kwamba michezo imelingana na idadi ya watu. Wakija watano, chezeni mitano, wakija sita, chezeni sita, na kila mmoja atapata zile zile nne. Mchezo wa migao mitatu huchukua kama dakika ishirini, hivyo saba zinaisha saa nne na dakika ishirini usiku, mradi mliketi saa mbili kweli.

Foleni ina kasoro moja. Mkiweka desturi kwamba wa kwanza aliyekaa ni mwenza wa wa tatu, namba 1 na 3 walioshirikiana mchezo wa kwanza watakutana tena mchezo wa sita, na jozi zote zitajirudia vivyo hivyo. Ndiyo maana ujumbe umetaja kura. Vipande vinalazwa kifudifudi, kila mmoja anaokota kimoja, na wawili wenye nukta nyingi wanakuwa wenza. Wakilingana wanaokota tena. Kwa kuwa wenza wanabadilika, pointi ziandikwe kwa jina la mtu, sio la jozi: wenza wakivuna 30, kila mmoja anaandikiwa 30.

Imebaki sheria ya kufunga, na hapa ndipo sauti hupanda. Kila namba iko kwenye vipande saba. Vyote saba vya nne vikishatoka, na ncha zote mbili za mstari zinaonyesha nne, hakuna awezaye kuendelea: mchezo umefunga. Mwenye shaka ahesabu nne zilizo mezani, zikifika saba, basi. Sasa mshindi nani? Tuseme mimi nimebaki na nukta 2 na mwenza wangu 15. Nyinyi mmebaki na 6 na 7. Wapo wanaosema mwenye nukta chache kuliko wote ndiye aliyeshinda, nami nina 2, kwa hiyo upande wangu umeshinda. Wengine wanajumlisha: sisi 17, nyinyi 13, mmeshinda nyinyi. Sheria zote mbili zinachezwa, na kila mtu huapa kwamba yake ndiyo ya asili. Mimi napendelea kujumlisha, kwa sababu mchezo ni wa wenza na aliyebeba mzigo wa 15 hastahili kufichwa na bahati ya mwenzake. Walioshinda huchukua nukta za wapinzani, yaani hapa mngepata 17. Mkilingana, mgao huo hauna pointi. Lakini hata mkichagua ile nyingine, ichagueni kabla vipande havijachanganywa. Ikisubiriwa mpaka mchezo ufunge, kila mtu atagundua kwamba anaamini sheria inayompa yeye ushindi.

Kuhusu pesa, ujumbe umekata mpaka soda kwa makusudi. Aliyeshindwa akilipia, hata chupa moja, wapo marafiki watakaoihesabu kamari na hawatakuja, wala hawatakueleza kwa nini.

Jambo la mwisho la kuamua ni mgeni. Mtu atamleta shemeji yake bila taarifa, na mtakuwa wanane. Mwenye nyumba akiwa na seti ya pili foleni haina kazi tena: zinakuwa meza mbili za watu wanne, na kila baada ya mchezo mnapiga kura upya nani akae meza ipi. Seti ikiwa moja, mgeni anaandikwa namba 8, nusu ya watu wanacheza na nusu wanasubiri, na usiku unarefuka kwa dakika ishirini.