Usaili: Jibu kwa Kisa, Si kwa Sifa

Msaili anaposema, "Tupe mfano wa tatizo la kazini ulilolitatua," hataki kusikia kwamba wewe ni mchapakazi. Anataka kisa kilichotokea kweli, ili kutokana nacho akadirie utakavyofanya kazi ukiajiriwa. Kisa hicho hupangwa katika sehemu nne: hali ilivyokuwa, jukumu lako, hatua ulizochukua na matokeo yake.

Tumchukue mtunza stoo wa duka la dawa za jumla anayeomba kazi hospitalini. Hali na jukumu anavimaliza kwa sentensi mbili: "Kila mwezi tulikuwa tunapata kama maboksi 40 ya dawa zilizokwisha muda. Meneja akanikabidhi kazi ya kupunguza hasara hiyo." Wengi hukwama hapa. Husimulia historia ya duka na ugomvi wa wenye mali, muda ukaisha kabla hawajasema walifanya nini.

Hatua ndizo zichukue zaidi ya nusu ya jibu: "Nilipitia rafu zote nikaandika tarehe za kuisha muda. Nikagundua mzigo mpya unapangwa mbele ya ule wa zamani. Nikageuza mpangilio, na dawa zilizobakiza miezi mitatu nikazibandika karatasi nyekundu. Kila Jumatatu niliwapa wauzaji orodha ya zinazotakiwa kutoka kwanza." Angesema tu "tuliboresha stoo", jopo lisingejua yeye alifanya lipi. Kama kazi ilikuwa ya kundi, litaje kundi, kisha utenge sehemu yako.

Halafu matokeo: "Baada ya miezi minne maboksi yalishuka hadi 6 kwa mwezi." Msaili makini atauliza, "Ulijuaje?" Mtunza stoo ana jibu: daftari la dawa zilizoondolewa. Aliyebuni namba hunaswa papo hapo. Kama hukuwa na hesabu, taja badiliko lililoonekana, kwa mfano wauzaji kuacha kurudishiwa dawa na wateja.

Visa hivi huandaliwa nyumbani. Pigia mstari sifa zilizotajwa kwenye tangazo la kazi, kisha kila sifa uitafutie tukio. Visa vitano au sita hutosha, kwa kuwa kimoja huweza kujibu zaidi ya swali moja: cha stoo kinafaa kwa utunzaji wa mali na pia kwa kushirikiana na wenzako. Andika maneno machache ya kukukumbusha, usikariri aya nzima, maana swali likigeuzwa kidogo aliyekariri hupotea.

Utaratibu huu si wa kila swali. Ukiulizwa dawa fulani huhifadhiwa kwenye nyuzi ngapi za joto, taja nyuzi zenyewe. Lakini kwa maswali ya "tupe mfano", simulia kisa chako kwa sauti huku saa ya simu ikihesabu. Kikizidi dakika mbili, punguza hali, usiguse hatua.